Kuacha Dawa ya Choo Baada ya Miaka Mingi

Mwezi huu tunajibu swali ambalo haliulizwi hadharani katika vikao vyetu. Huletwa kwa kunong'onezwa, kikao kikiisha na watu wakiwa wameanza kuondoka. Mama anasogea kando, anatazama huku na huku, kisha anasema, "Dada, mimi bila kidonge siendi chooni. Sasa ni mwaka wa nane. Nitaachaje?"

Wengi wa wanaouliza hivyo wanatumia bisakodili, vile vidonge vidogo vyenye ganda laini vinavyouzwa duka la dawa bila cheti. Wengine wanatumia sanamaki, iwe ya vidonge au majani yanayochemshwa. Wengine wanatumia shubiri. Wapo pia wanaoitumia sanamaki bila kujua, kwa sababu imo ndani ya chai nyingi zinazouzwa kwa jina la kupunguza tumbo na unene. Hizi zote ni dawa za aina moja: zinauchokonoa utumbo mpana mpaka ujikunje kwa nguvu na kusukuma nje kilichomo. Zikimezwa usiku, kazi yake huonekana asubuhi, kati ya saa 6 na 12 baadaye.

Kabla ya kueleza namna ya kuacha, ni lazima tuelewe jinsi mtu anavyonaswa, kwani bila kuelewa hilo hakuna anayeweza kuvumilia wiki za mwanzo.

Utumbo mpana wa mtu mzima hubeba mabaki ya chakula cha siku moja, mbili, hata tatu. Mtu akienda haja kwa kawaida hutoa sehemu ya mwisho tu, ile iliyokwisha kufika chini, na iliyobaki huendelea na safari yake. Dozi kubwa ya dawa haifanyi hivyo. Inakomba sehemu kubwa ya utumbo kwa mara moja, na pamoja nayo maji mengi. Kesho yake hakuna kitu cha kutoa. Kesho kutwa pengine vilevile. Ndoo iliyomwagwa yote inahitaji muda ijae tena, na kwa utumbo muda huo ni siku mbili au tatu. Lakini mama anahesabu, anaona leo ni siku ya pili bila choo, anaingiwa na hofu na kumeza tena. Hivyo hata siku moja utumbo wake haupati nafasi ya kujaa na kumwita wenyewe. Anajiona mgonjwa wa kufunga choo, kumbe ametibu utumbo mtupu.

Tuongeze na hili, kwamba si lazima mtu aende haja kila siku. Kuanzia mara tatu kwa siku hadi mara tatu kwa wiki ni hali ya kawaida, mradi choo ni laini na kinatoka bila kujikamua. Tunajua bibi zetu walitufundisha vingine, na wengine tulinyweshwa mafuta ya nyonyo kila likizo ili "kusafisha tumbo". Tumbo halihitaji kusafishwa namna hiyo.

Wengi wanatuuliza kama utumbo wao umekwisha kufa kwa sababu ya dawa. Zamani vitabu vilifundisha kwamba dawa hizi huua mishipa ya fahamu ya utumbo. Siku hizi wataalamu wanakubaliana kwamba kwa dozi za kawaida jambo hilo halijathibitika, na watumiaji wengi utumbo wao unaweza kurudia kazi yake. Anayetumia sanamaki au shubiri kwa muda mrefu anaweza kuambiwa, baada ya kupimwa kwa kamera, kwamba ndani ya utumbo kuna weusi. Weusi huo ni rangi tu. Hauna madhara, na hufifia miezi kadhaa baada ya kuacha.

Sasa, wapo wasiotakiwa kuanza zoezi hili kabla ya kuonana na daktari. Mwenye damu katika choo, aliyekonda bila sababu, mwenye upungufu wa damu, ambaye choo chake kimebadilika ghafla baada ya umri wa miaka 45 hivi, au ambaye katika ukoo wake kuna aliyeugua saratani ya utumbo mpana, aende hospitali kwanza. Anayetapika huku tumbo limevimba na hata hewa haitoki, aende siku hiyo hiyo. Mwenye ugonjwa wa figo au wa moyo, na anayetumia vidonge vya kupunguza maji kwa ajili ya shinikizo la damu, apimwe damu, hasa madini ya potasiamu. Dawa za kuharisha hupoteza madini hayo, na dalili zake ni miguu kuwa mizito, misuli kukaza na moyo kwenda mbio. Kuharisha kwa miaka mingi pamoja na kidonge cha kukojoza ni mchanganyiko tunaouogopa sana.

Mwulizeni daktari pia kuhusu dawa nyingine mnazotumia. Vidonge vya madini ya chuma, kodeini ya maumivu, amitriptilini, baadhi ya dawa za shinikizo la damu, na dawa za kiungulia zenye aluminiamu, zote hukausha choo. Tumeona mama anahangaika na choo mwaka mzima, na kidonge cha chuma alichopewa wakati wa ujauzito bado anakimeza kila siku, mtoto ameshaanza kutembea. Dawa za namna hiyo msiziache wenyewe, ulizeni.

Tueleze habari za mama mmoja, kwa ruhusa yake, bila kutaja jina wala mahali. Ana miaka 46 na ni fundi cherehani. Shida yake ilianza baada ya kujifungua mtoto wa tatu, alipochanika na kushonwa. Aliogopa maumivu, akawa anaizuia haja. Kilichozuiliwa kikakauka, na kilichokauka kikamwumiza zaidi. Duka la dawa wakampa bisakodili, vidonge viwili. Vilimsaidia. Baada ya miaka kumi na moja alikuwa anameza vinne kila baada ya siku moja, na Jumamosi anaongeza chai ya sanamaki. Kila kidonge kina miligramu 5, na dozi ya kawaida ya mtu mzima ni kimoja au viwili, basi alikuwa amefika mara mbili ya kiwango cha juu cha kawaida.

Alipimwa kwanza. Damu ilikuwa ya kutosha, sukari sawa, potasiamu chini kidogo. Daktari alimpapasa tumbo, kisha akapima kwa kidole kuona kama kuna kinyesi kigumu kilichosongamana chini kwenye puru. Kipimo hiki wengi hukiona cha aibu, lakini ni muhimu. Kama njia imezibwa na donge gumu ni lazima donge litolewe kwanza, la sivyo kazi yote ni bure. Dalili yake moja humdanganya mtu: maji maji ya kinyesi yanavuja pembeni ya donge na kuchafua nguo, mgonjwa akidhani anaharisha. Mama huyu hakuwa nalo.

Wiki mbili za kwanza hakupunguza kidonge hata kimoja. Aliacha chai ya sanamaki tu, na akaongezewa laktulosi, maji matamu yasiyouchokonoa utumbo. Laktulosi huvuta maji na kuyaweka ndani ya kinyesi ili kibaki laini. Alikunywa mililita 15, yaani kijiko kikubwa kimoja, asubuhi na jioni. Inachukua siku mbili au tatu kufanya kazi, na wiki ya kwanza humjaza mtu gesi, naye ilimjaza kweli. Mahali penye makrogoli, ule unga wa kuchanganya na maji, hutumika kwa kazi hiyo hiyo na gesi yake ni ndogo. Kanuni ni kuweka kwanza dawa ya kulainisha, kisha kuondoa ya kuchokonoa kidogo kidogo. Anayeacha yote usiku mmoja kwa ushujaa, mara nyingi tunamwona tena duka la dawa siku ya tano.

Wiki ya tatu na ya nne alimeza vitatu badala ya vinne, wala hakuona tofauti. Wiki ya tano akashuka hadi viwili, na hapo taabu ilianza. Tumbo lilijaa, sketi zikambana, miguu ikavimba kidogo hata mikanda ya kandambili ikaacha alama. Mizani ikaonyesha kilo moja na nusu zaidi. Alifikiri sumu inajikusanya mwilini. Ukweli ni kwamba mwili uliozoea kupoteza maji na chumvi kwa kuharisha hujifunza kuyashikilia, na kuharisha kunapopungua unaendelea kushikilia kwa siku kadhaa kabla haujatulia. Uvimbe wake ulikwisha ndani ya siku kumi. Asiyelijua hili hurudi kwenye vidonge kwa hofu, au anatafuta vidonge vya kukojoza, jambo ambalo ni baya zaidi. Uvimbe unaozidi wiki mbili, unaopanda hadi magotini, au unaokuja na kukosa pumzi, huo ni wa kumwona daktari. Na kwa dada zetu wanaotumia dawa hizi ili wakonde: kilo zinazopotea ni maji haya haya, chakula kimeshafyonzwa katika utumbo mwembamba kabla dawa haijafika.

Wiki ya saba ukatokea msiba kijijini. Akasafiri, akasahau laktulosi nyumbani, akakaa siku nne bila choo. Aliporudi alitaka kumeza sita. Alishauriwa ameze viwili vyake kama ratiba ilivyosema, na asubuhi atumie dawa ya gliserini ya kuingiza kwa njia ya haja kubwa, ambayo inafanya kazi pale chini tu. Akafunguka. Kisha alibaki kwenye viwili kwa wiki mbili zaidi kabla ya kushuka tena. Ratiba ikiyumba, mtu asirudi mwanzo. Anarudi ngazi moja, au anasimama alipo.

Wiki ya kumi alikuwa kwenye kimoja. Kuanzia wiki ya kumi na mbili hakuwa na kidonge cha ratiba tena, bali kanuni moja aliyoiandika kwenye kalenda jikoni: siku tatu kamili zikipita bila choo, kidonge kimoja usiku, kisha hesabu inaanza upya. Si viwili, na si siku ya pili. Siku hizo tatu ndizo zinazoupa utumbo nafasi ya kujaa. Wiki ya kumi na tatu, asubuhi baada ya chai, aliitwa na haja yake mwenyewe. Kilichotoka kilikuwa kidogo na kigumu kama cha mbuzi, lakini hakukuwa na kidonge nyuma yake. Katika miezi miwili iliyofuata alilazimika kutumia ile kanuni mara tano. Kidonge cha mwisho alikimeza mwezi wa sita. Laktulosi nayo ilipunguzwa hadi mililita 15 kwa siku mwezi wa saba, na mwezi wa nane akaiacha.

Sasa tuseme juu ya kuufundisha utumbo wenyewe, kwa maana kupunguza vidonge ni nusu ya kazi. Kuna nyakati mbili ambapo utumbo mpana hutikisika kwa nguvu: mtu anapoamka, na dakika chache baada ya chakula cha kwanza. Chakula kikiingia tumboni, utumbo wa chini hupata taarifa na kusukuma mbele. Wimbi hilo hupita. Asipolisikiliza, linakufa hadi kesho, na puru inayozuiliwa mara kwa mara huzoea kujaa bila kuhisi lolote.

Hebu fikirini asubuhi ya mama. Anaamka kabla ya wote, anawasha jiko, anawavalisha watoto, anatafuta soksi ya pili, na chai yake anakunywa amesimama, pengine saa nne akiwa kazini. Haja inabisha hodi saa kumi na mbili na nusu, lakini kwenye nyumba ya kupanga chooni kuna foleni ya wapangaji, au mtoto analia. Anasema, baadaye. Fundi wetu alikuwa akifanya hivyo kila siku ya Mungu. Alichobadilisha ni kuamka nusu saa mapema, kunywa uji au chai ya moto pamoja na kiporo cha viazi vitamu, na kwenda chooni dakika 20 hivi baadaye, awe ameitwa au hakuitwa. Mumewe alikubali kuwavalisha watoto. Tunalitaja hilo kwa sababu bila hilo sidhani, wala wenzangu hawadhani, kama angefaulu.

Chooni akae dakika tano hadi kumi, zaidi ya hapo ainuke hata kama hakuna kitu. Namna ya kukaa ina maana yake. Nyuma ya puru kuna msuli uliopita kama kombeo na kuukunja mrija, ndio unaotuzuia tusijichafue tukiwa tumesimama. Tukichuchumaa, kombeo hilo linalegea na mrija unanyooka. Wenye choo cha kuchuchumaa wana nafasi nzuri tayari: nyayo zote chini, magoti yametanuka. Wenye choo cha kukalia waweke kigoda cha sentimita 20 hivi chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga, wainame mbele na kuegemeza viwiko kwenye magoti. Kisha mdomo uachwe wazi kidogo, pumzi isibanwe, na tumbo liachiwe litokeze mbele, kiuno kikipanuka. Mtu asukume kutoka kiunoni kuelekea chini, kwa upole, na kulegea tena. Anayebana pumzi mpaka uso unakuwa mwekundu anafunga mlango huku anasukuma, na ndivyo bawasiri zinavyoletwa.

Kuhusu chakula hatutasema mengi, maana mmeshayasikia. Maharage, matembele, papai, dona badala ya sembe, vyote vinafaa, ila viongezwe taratibu, kimoja kwa wiki. Anayejaza pumba na mboga kwa siku moja wakati utumbo bado ni mzito huvimba tumbo na kulaumu mboga. Maji glasi sita hadi nane yanatosha kwa walio wengi. Kunywa ndoo nzima hakulainishi choo cha mtu ambaye hakuwa na upungufu wa maji. Na siku za kufunga na kuomba, kumbukeni kwamba asiyekula hana cha kutoa. Siku hizo zisihesabiwe katika zile tatu.

Linabaki kundi moja ambalo kwa mpango huu litafika katikati na kukwama. Hawa choo chao ni laini, wanakihisi kimefika, lakini hakitoki. Wanasukuma, wanahisi kimebaki, na wengine wamegundua kwamba wakibonyeza kwa kidole kwenye ukuta wa nyuma wa uke, au pembeni ya njia ya haja kubwa, ndipo kinatoka. Ni wachache wanaosema jambo hili, lakini baada ya uzazi ni jambo tunalolifahamu. Huenda ukuta kati ya uke na puru umelegea na kufanya mfuko, au misuli ya nyonga inakaza wakati inapotakiwa kulegea. Vidonge vingi zaidi havitawasaidia, na kupunguza vidonge peke yake pia hakutawasaidia. Mweleze daktari wa akina mama hivyo hivyo, pamoja na habari ya kidole, na uulize kama kuna mtaalamu wa mazoezi ya viungo anayefundisha misuli ya nyonga. Kwa wenye tatizo la kukaza, mafunzo hayo huwafaa wengi kuliko dawa.

Na wapo ambao, baada ya kufanya yote haya kwa miezi, bado wanahitaji kijiko cha laktulosi kila siku, au kidonge kimoja mara moja au mbili kwa wiki. Waliopooza miguu, wanaotumia mofini kwa maumivu ya saratani, na baadhi ya wazee wetu wamo katika hao, nao waendelee kwa maelekezo ya daktari. Fundi wetu hayumo. Siku hizi anakwenda mara nne au tano kwa wiki, na kalenda ameishusha ukutani. Mwezi ujao, Bwana akipenda, tutajibu maswali yenu kuhusu bawasiri wakati wa ujauzito.